"Nitakuangalizia" si jibu

*Shikamoo mwalimu. Mwezi wa tatu nilipandishwa kuwa mkuu wa ununuzi kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Singida, nikabadilisha cheo changu LinkedIn. Tangu hapo nakubali mialiko kwa nia njema, na dakika mbili baadaye niliyemkubali ananiuzia kitu au ananiomba kazi. Sasa kikasha kina ujumbe 140 na zaidi. Sitaki kuonekana nina maringo, wengine ni vijana kama nilivyokuwa mimi juzi tu. Nikikaa kimya wanarudi, nikijibu vizuri wanazidi. Niwajibu nini?*
*Msomaji, Singida*

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa cheo, na pole kwa cheo.

Siku ulipobadilisha ule mstari chini ya jina lako, uliingia kwenye orodha. Muuzaji wa Dar anafungua LinkedIn, anaandika "procurement" kwenye kisanduku cha kutafutia, anachagua Tanzania, majina yanashuka, naye anaanza kualika kutoka juu kwenda chini. Kijana anayetafuta kazi anafanya vilevile, ila yeye akiona neno "Head" anasoma "mwenye funguo". Karibu wote hao wamekifuata cheo. Angekaa mwingine kwenye kiti hicho wangemwandikia yeye, kwa maneno hayohayo. Nakuambia hivi kwa sababu naona unaupokea kila ujumbe kama mgeni aliyebisha hodi mlangoni, ambaye adabu zetu zinataka apewe kiti na maji kabla hajasema shida yake. Mgeni wa mlangoni amekuja kwako peke yako. Huyu amebisha hodi nyumba themanini kwa mkupuo, anasubiri kuona ni ipi itakayofunguka.

Nimekaa kwenye ununuzi miaka kumi na tisa, viwanda viwili, na makosa mawili makubwa niliyofanya na watu wa namna hii yalitokana na upole. Nitakusimulia yote mawili. Kwanza tuzungumze juu ya kukubali mwaliko, kwa sababu hapo ndipo unapoteleza kabla hata hujaulizwa kitu.

Ukimkubali mtu LinkedIn, anaweza kukuandikia bila kulipa na bila kuomba ruhusa tena. Kama hujabadilisha mipangilio, anaweza pia kuiona orodha ya watu uliounganishwa nao. Kwa mwalimu au daktari hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa ununuzi, orodha ile ni majina ya wazabuni wako wa leo, wahasibu wako na mkurugenzi wako. Muuzaji mjanja hakuombi chochote. Anakubaliwa, anasoma orodha, kisha anamwandikia mkurugenzi wako akiwa na jina lako kifuani kama kitambulisho. Kwa hiyo leo, kabla hujamjibu yeyote, ingia `Settings & Privacy`, sehemu ya `Visibility`, uifunge orodha ya `Connections` ibaki kwako mwenyewe. Hapohapo angalia nani anaona anwani yako ya barua pepe.

Mwaliko usio na maelezo yoyote kutoka kwa mtu usiyemjua unaweza kuuacha. Ukibonyeza `Ignore`, yeye hapelekewi taarifa kwamba umemkataa. Hata ukija kumwondoa mtu uliyekwisha kumkubali, kwa `Remove connection`, haambiwi. Nayasema haya kwa sababu najua wengi wetu tunakubali kwa kuogopa kumuumiza mtu ambaye, kwa kweli, hatajua. Mwaliko uliokuja na maelezo nao hauhitaji kukubaliwa ili ujibiwe, unaweza kumwandikia palepale na kuuacha mwaliko umelala.

Sasa ujumbe wenyewe. Nina kipimo kimoja tu, nacho hakijanitupa: je, ujumbe huu ungemfaa mtu mwingine bila kubadilishwa hata herufi? Chukua mifano miwili, yote ya vifungashio kwa sababu najua unavinunua. Wa kwanza:

"Habari Mkuu, natumaini u mzima wa afya. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa vifungashio bora kwa bei nafuu. Naomba dakika 15 za muda wako wiki hii tuone tunavyoweza kushirikiana."

Wa pili:

"Habari dada. Nimeona dukani mafuta yenu ya lita 5 na lita 20. Tunatengeneza madumu ya lita 20 Dar es Salaam na tunafikisha Singida, kuanzia madumu 1,000. Je, vifungashio kwenu anashughulikia nani?"

Ujumbe wa kwanza ungeweza kwenda hospitali, bandarini au hoteli ya Zanzibar, na kote ungekaa sawa. Wa pili ukipelekwa hospitali unakuwa kichekesho. Huyo wa pili alitembea hadi dukani, au angalau alitazama picha za bidhaa zenu. Ametumia dakika zake kwako, na kwa hiyo ana haki ya kupata dakika zako mbili. Wa kwanza hajatumia kitu, na ukimya kwake ni jibu la haki kabisa.

Lakini unasema ukikaa kimya wanarudi. Ndiyo, na wakati mwingine anayerudi si mtu. Wauzaji wengi hutumia programu za kutuma ujumbe kwa zamu: mwaliko, kisha salamu dakika chache baada ya kukubaliwa, kisha "nilitaka kujua kama uliona ujumbe wangu" baada ya siku tatu au nne, kisha "naelewa una majukumu mengi" wiki inayofuata. LinkedIn inazikataza programu hizi kwenye masharti yake, lakini zipo. Utazitambua kwa namna zinavyokuita. Ukiona umeandikiwa "Habari MKUU WA UNUNUZI", au jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa zote kama lilivyo kwenye profaili, jua mashine imechota neno na kulipachika. Programu hizo kwa kawaida husimama pale unapojibu chochote, kisha mazungumzo yanakabidhiwa kwa mtu. Kwa hiyo akirudi mara ya pili, andika mara moja tu:

"Habari. Asante, hatuhitaji huduma hii. Tafadhali usiendelee kunitumia ujumbe kuhusu hilo."

Angalia kilichokosekana kwenye sentensi hizo: maneno "kwa sasa". Sisi tunayatia kila mahali ili kulainisha. "Kwa sasa hatuna uhitaji." Kwa sikio letu hiyo ni hapana yenye adabu. Kwa muuzaji anayejaza daftari la wateja wake, maneno hayo mawili yanakuhamisha kutoka safu ya "amekataa" kwenda safu ya "nimtafute robo ijayo", na atakutafuta kweli, kwa sababu umemwambia afanye hivyo. Kama kuna wakati ambao mtahitaji, utaje. Kama haupo, yafute.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Miaka kadhaa iliyopita jamaa mmoja wa buti za usalama aliniandikia, na mimi nikiwa na haraka nikamjibu ile sentensi tunayoitumia sote kumwondoa mtu: "Sawa, nitumie profaili ya kampuni." Sikuwa na nia ya kuisoma. Wiki mbili baadaye mlinzi wa getini ananipigia: kuna mgeni wako ana maboksi manne ya sampuli. Alikuwa ametoka Dar kwa basi la usiku. Nikamwambia mlinzi amwambie nina kikao. Kumbe huyo bwana hakukata tamaa, alimwandikia meneja wa uzalishaji kwamba "tumeshazungumza na mkuu wenu wa ununuzi na ameonyesha nia". Meneja akaja ofisini kwangu kuuliza buti mpya zinafika lini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwenye ununuzi jibu lako la adabu linaweza kubebwa mlango kwa mlango kama barua ya utambulisho. Wala sikuweza kumlaumu. Niliandika "nitumie", akatuma.

Kwa hiyo kwa yule wa madumu, aliyefanya kazi yake, jibu liwe la kweli lote, na liwe na mipaka ndani yake:

"Habari kaka. Vifungashio ni kwangu. Tunanunua kwa wazabuni waliosajiliwa tu, na usajili tunafungua mara moja kwa mwaka, mwezi wa 11. Kabla ya hapo niambie mambo mawili: dumu lenu la lita 20 likiwa tupu, bila kifuniko, lina gramu ngapi, na malighafi ni mpya au iliyorejelewa? Kama linatufaa nitakutumia fomu ya usajili ikifunguliwa. Kwa leo hakuna oda, na naomba usije kiwandani bila miadi."

Swali la gramu nimelitia kwa makusudi. Wewe unajua, ila nalisema kwa wasomaji wengine: dumu la gramu 1,000 na la gramu 800 yote huitwa lita 20 na yote hujaa lita 20. Tofauti utaiona yakipangwa matatu kwenda juu kwenye lori la joto, jepesi linabonyea na kuvuja kwenye mdomo. Kwa oda ya madumu 1,000, tofauti hiyo ni kilo 200 za plastiki ambazo ungelipia bila kuzipata. Malighafi iliyorejelewa isiyothibitishwa kwa chakula, kwa mafuta ya kula, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Muuzaji anayekijua kiwanda chake atakujibu gramu siku hiyohiyo. Asiyekijua, yaani dalali anayetafuta mnunuzi kwanza ndipo atafute madumu, atakujibu "bei zetu ni nzuri sana dada, tuongee kwa simu". Umemchuja kwa swali moja, bila kumwambia neno baya.

Kila mtu wa ununuzi anapaswa kuwa na swali la namna hii kwa kila aina ya bidhaa anayonunua sana. Kwa beringi ni namba kamili ya beringi pamoja na herufi zinazoifuata. Kwa buti ni kiwango, mathalani S3 ya ISO 20345, na saizi zilizopo stoo leo. Akivuka hapo ndipo unamwomba makaratasi: usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na kama anatoa risiti ya EFD. Usianze na makaratasi. Madalali wengi wana makaratasi yote.

Kuna ujumbe wa aina moja ambao ukimya haukufai hata kidogo: ule wenye "tutaelewana", "chako kipo", au "asilimia kumi ni ya kwako dada". Watu hudhani rushwa ni habari ya ofisi za serikali. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili ampendelee mtu katika shughuli za mwajiri wake. Ujumbe kama huo ukikaa kwenye kikasha chako umesomwa na haujajibiwa, na miezi sita baadaye mtu huyohuyo akapata zabuni kwa njia halali kabisa, utakuwa na kazi ya kueleza. Andika: "Sipokei chochote kutoka kwa wazabuni. Ujumbe huu nimemwonyesha mkurugenzi." Kisha mwonyeshe kweli, kwa picha ya skrini, siku hiyohiyo.

Nigeukie wanaoomba kazi, ambao najua ndio wanaokukosesha usingizi zaidi.

Wewe huajiri. Hili ndilo jambo la kwanza wasilolijua, na ni jema kuliwaambia. Wanaamini kila bosi ana nafasi mfukoni, na hawajakosea sana, maana wamewaona wenzao wakiingia kwa koneksheni. Ndiyo maana ujumbe unakuja hivi: "Shikamoo bosi. Mimi ni kijana mchapakazi, naomba unishike mkono, nafasi yoyote ile niko tayari." Hiyo "nafasi yoyote" inaonekana kama unyenyekevu, na kwake yeye ni unyenyekevu, lakini inakupa wewe kazi yote: umtafutie alichosomea, umtafutie panapomfaa, umtafutie mtu wa kumpokea. Huwezi kumbeba mtu ambaye hana mahali pa kushika.

Hapa ndipo kosa langu la pili lilipo. Kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia namna hiyo, nami nikamjibu kwa moyo mweupe: "Tuma CV, nitakuangalizia." Akatuma. Sikuifungua. Miezi mitatu baadaye akaniandikia: "Mzee, ile kazi imefikia wapi?" Nikamuuliza kazi gani. Katika kujieleza akaniambia kwamba mwezi uliotangulia alipewa mkataba wa miezi sita kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, akauacha, kwa sababu aliogopa nitamwita akiwa amefungwa na mkataba. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Tatizo ni kwamba "nitakuangalizia" ni hapana, na kila mtu aliyekulia kwetu analijua hilo akilisikia uso kwa uso. Tunalisema tukitazama pembeni, sauti inashuka, tunaongeza "si unajua hali ilivyo", na aliyeambiwa anarudi nyumbani anajua. Likiandikwa, macho na sauti vinabaki kwako. Kinachomfikia ni ahadi, na chini yake kuna jina lako, picha yako na jina la kiwanda. Atamwonyesha mama yake.

Basi kwa "nafasi yoyote", rudisha swali:

"Habari kaka. Mimi niko ununuzi, siajiri. Ajira hapa zinapitia ofisi ya rasilimali watu na zikiwepo zinatangazwa. Niambie umesomea nini na ni kazi gani hasa unayoitafuta. Tafadhali usitume CV. Na ujue kiwanda hakitozi pesa kwa ajili ya kazi, akitokea mtu akakudai kwa jina letu, ni tapeli."

Ile sentensi ya mwisho usiiache. Ukishakuwa na cheo kinachoonekana, jina na picha yako ni mtaji kwa matapeli: wanafungua akaunti yenye sura yako, wanawaandikia haohao vijana, wanadai hela ya fomu au ya vipimo vya afya. Kijana aliyeambiwa na wewe mwenyewe kwamba pesa haidaiwi ana ngao. Ukipenda, iandike pia kwenye profaili yako.

Wengi hawatarudi baada ya swali hilo. Usiwafuate. Anayerudi, kwa uzoefu wangu, ni yule ambaye dakika tano zako zitamfaa. Nikupe mfano wa mmoja. Alirudi na haya: "Nina diploma ya ununuzi na ugavi, nilimaliza mwaka jana. Natafuta kazi ya stoo au msaidizi wa ununuzi, mkoa wowote." Sasa ana umbo. Nikafungua profaili yake. Juu ameandika kwa Kiingereza kwamba ni mchapakazi na anapenda kufanya kazi na wenzake. Chini kabisa, mstari mmoja: fildi, wiki nane, stoo ya chuo. Nikamuuliza alifanya nini huko. Akaniambia walihesabu stoo nzima mwisho wa mwaka wa fedha, na yeye ndiye aliyekuwa akilinganisha kadi za stoo na leja. Hajaandika popote!

Nikamjibu: "Hicho ndicho kitu chako. Kitoe chini ukiweke juu: stoo ya nini, vitu vya aina ngapi, ulilinganisha nini na nini, tofauti mlizikuta wapi. Kama hujasajiliwa PSPTB, anza huko, kazi nyingi za fani yetu wanauliza. Angalia nafasi za utarajali zinazoratibiwa na TaESA, na za serikalini kwenye Ajira Portal. Mimi sitaweza kukuombea kazi kwa mtu kwa sababu sijakuona ukifanya kazi, na ningekuwa nadanganya. Nakutakia heri." Dakika saba, nilihesabu. Sikumwahidi kitu, na aliondoka na vitu vinne ambavyo hakuwa navyo.

Hiyo kauli kwamba sijakuona ukifanya kazi, ishike. Kumpa mtu habari ni bure, na uwape wengi. Kumdhamini ni kuweka jina lako juu ya mikono yake, na hilo ni kwa wale uliofanya nao kazi. Vijana wakiambiwa tofauti hiyo waziwazi huielewa vizuri sana. Wanachoshindwa kuelewa ni kuzungushwa.

Nimesema umwambie asitume CV, na nina sababu zaidi ya kukuokoa na mafaili. CV ina namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, mara nyingine namba ya kitambulisho, na namba za wadhamini watatu ambao hawajui kwamba wewe upo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na hata bila sheria, ule mtindo wetu wa kuirusha CV ya mtu kwenye kundi la WhatsApp la "mabosi wa HR" kwa nia ya kumsaidia unaiacha namba yake mikononi mwa watu 200. Zilizokwisha kufika zifute. Ukitaka kumpelekea mwenzako CV ya mtu, muulize mwenyewe kwanza, na umtajie inakwenda kwa nani.

Umbo la tatu la ujumbe ni lile lisilo na kitu: "Habari?" Basi. Ukijibu "nzuri", anaandika "za siku?", nawe hujawahi kumwona. Hapo sidhani kama una deni. Kama ni "shikamoo" mimi huitikia, siwezi kuiacha imelala, malezi hayanipi nafasi. Lakini naitikia na kufunga hapohapo: "Marahaba. Karibu, andika shida yako yote kwa ujumbe mmoja, nitausoma Ijumaa."

Na Ijumaa iwe kweli. Majibu haya yaandike kwenye simu, sehemu ya kuhifadhi maandishi, uyanakili na kubadilisha neno moja mawili. Ijumaa mchana nusu saa inatosha, siku nyingine usiifungue kabisa sehemu ya ujumbe. Zima pia alama inayomwonyesha mtu kwamba umesoma, iko `Data privacy`, kwenye `Read receipts and typing indicators`. Nyingi ya zile "mbona umesoma hujajibu" zitakwisha. Kitu kidogo kuhusu wanaokuandikia bila kuwa wameunganishwa nawe: hao mara nyingi wamelipia ujumbe huo, na ukiwajibu ndani ya siku 90, hata kwa kuwakatalia, LinkedIn huwarudishia salio lao. Kwa hiyo "hapana, asante" yako ina thamani kwao, watumie ukipata nafasi.

Zile 140 usizijibu zote. Mauzo yaliyozidi mwezi, yaweke kwenye kumbukumbu bila kuyafungua, wenyewe wameshasahau. Maombi ya kazi yapitie kwa kutafuta kitu kimoja tu: ni nani kati yao uliyewahi kumwandikia "nitakuangalizia", "tutawasiliana", au "tuma CV". Kwa jinsi ulivyojieleza, nadhani hawapungui kumi. Hao waandikie wiki hii, mmoja mmoja: "Habari. Mwezi wa nne nilikuambia nitakuangalizia. Sina nafasi na sioni nitakayoipata, kwa hiyo usinisubiri. CV yako nimeifuta. Samahani kwa kukuweka." Baadhi watakukasirikia, wachache watakushukuru, na mmoja, utaona, atakujibu kwamba kuna mkataba wa muda ameitiwa Jumatatu na alikuwa hajaamua.